MREJESHO: Wimbo unaoanza na mvua na radi umepatikana

Nililouliza: "Wadau, kuna kaseti ya zamani inapigwa kwa kinyozi hapa Ngamiani, Tanga. Wimbo wa Kizungu, unaanza na mvua na radi. Unaitwaje?"

Ahsanteni sana, ni Riders on the Storm wa The Doors, albamu L.A. Woman, 1971.

Mvua peke yake haitoshi kuutambua wimbo. Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, hutambua rekodi kwa alama za sauti zinazojitokeza waziwazi, na mvua ni mvumo uliotapakaa kote, alama zake za kushika ni hafifu. Basi usiwashe simu mvua inapoanza. Subiri besi na kinanda viingie, ndipo uisogeze karibu na spika. Kama rekodi huna, tafuta kwa kuimba kwenye programu ya Google: bonyeza maikrofoni, useme unatafuta wimbo, kisha uvumishe ule mdundo wa kinanda sekunde 10 hadi 15. Mvua haivumishiki.

Kinachoamua hasa ni kile kinachofuata mvua. Black Sabbath nao wana wimbo wenye jina lao, wa 1970, unaoanza na mvua na radi. Lakini humo inalia kengele ya kanisa, halafu linaingia gitaa zito la mwendo wa polepole. Huu wetu hauna kengele: kinanda cha umeme kinateremka kama matone, na ukivaa visikilizio utasikia mnong'ono chini ya sauti ya mwimbaji, maneno yaleyale. Huo mnong'ono ndio ulionihakikishia.

Tahadhari: toleo la redio limefupishwa, kwa hiyo tafuteni la albamu, la dakika 7 hivi.