Msaada: Nifuatilieje tarehe za kuisha mafunzo ya lazima ya wafanyakazi?

Mshika Rejista: Wakuu, naombeni ushauri. Ghala letu lina wafanyakazi 34. Wote wana mafunzo ya zimamoto, baadhi huduma ya kwanza, na madereva 6 wana vyeti vya foklifti vya miaka 2. Nimeviweka kwenye Excel, na siku zikibaki chini ya 60 seli inageuka nyekundu. Hata hivyo sina amani. Kuna programu nzuri zaidi ya kutoa tahadhari?

Zamu ya Usiku: Programu haisaidii kitu. Sisi wauguzi darasa hupangwa asubuhi, mtu anatoka zamu ya usiku na kuambiwa abane kifua cha mdoli. Wengi wanakwenda kulala, cheti kinaisha, kisha lawama ni zetu. Pangeni darasa ndani ya saa za kazi za mtu.

Fundi Jedwali: Mkuu, leo una seli ngapi nyekundu? Na fomula yako ikoje?

Mshika Rejista: Hakuna nyekundu hata moja. Fomula hii hapa:

```
=IFERROR(EDATE(C2,24)-TODAY(),"")
```

Fundi Jedwali: Hiyo `IFERROR` ndiyo inayokufichia kosa. Kama kompyuta yako inasoma mwezi kwanza, ukiandika 25/03/2023 haioni mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maandishi. Hesabu inagoma, seli inabaki tupu, na seli tupu ya namna hiyo haihesabiki kuwa chini ya 60. Haitageuka nyekundu milele. Weka safu ya pembeni `=ISNUMBER(C2)` utuambie FALSE ni ngapi.

Mshika Rejista: Nne. Zote za madereva wa foklifti, walisoma siku moja, 25/03/2023.

Mama Usalama: Basi vyeti vyao viliisha 25/03/2025. Bado wanaendesha?

Mshika Rejista: Dada, wanaendesha. Nilishahisi hivyo kabla sijaandika hapa. Ukaguzi ni wiki ijayo, na nimeongea na mkufunzi: darasa litafanyika kweli, ila cheti kipya kisomeke Machi. Hawa ni madereva wazoefu, hawajagonga hata rafu. Nikiwasimamisha wote wanne, mzigo haushuki.

Mama Usalama: Ndugu yangu, hapo umetoka kwenye kuchelewa ukaingia kwenye kughushi. Mkaguzi akilinganisha tarehe ya cheti na karatasi ya mahudhurio, rejista yako yote haitaaminika tena, hata kurasa zilizo sahihi. Washushe kwenye mashine leo. Andika tarehe halisi cheti kilipoisha, siku uliyogundua na siku ya darasa. Halafu muulize mkufunzi kama cheti kilichoisha kinakubali darasa la marudio, au lazima waanze kozi nzima. Hilo ndilo litakaloamua wakae nje siku ngapi.

Jicho la Tai: Hii chai. Madereva 6 kwenye jedwali moja, la mtu mmoja, kompyuta moja. Mbona wanne tu ndio wamegoma na wawili wakapona? Mtu katunga kisa.

Mshika Rejista: Sijatunga, mkuu. Wawili waliajiriwa baadaye, walisoma 07/03/2024.

Fundi Jedwali: Umeona sasa? Kompyuta imeisoma hiyo kama tarehe 3 Julai, kwa hiyo `ISNUMBER` inasema TRUE na tarehe ni ya uongo. Vyeti vyao vinaisha 07/03/2026, jedwali linakwambia 03/07/2026. Hao ni hatari kuliko wale wanne, maana hakuna dalili yoyote. Badili muonekano wa safu uwe `dd-mmm-yyyy` ili mwezi uonekane kwa jina, kisha linganisha kila mstari na cheti cha karatasi, wote 34.

Jicho la Tai: Sawa, hapo naelewa. Bado hiyo ya mkufunzi kukubali kirahisi hivyo inanipa shaka.

Kalenda Ukutani: Mimi ningewarudisha wote sita darasani siku moja, yaishe.

Fundi Jedwali: Ukifanya hivyo, baada ya miaka 2 wataisha tena siku moja na ghala litasimama. Wanne waende sasa, wawiliwawili. Hawa wawili wabaki na zamu yao, waitwe siku 90 kabla ya kuisha, ili akiumwa au akiwa likizo kuwe na darasa la pili. Hao wanne, mzunguko ujao, wawili uwaite miezi kadhaa mapema. Kuvuta mbele inawezekana, kusukuma nyuma haiwezekani.

Kalenda Ukutani: Akienda mapema si anapoteza hiyo miezi? Kwetu cheti kipya huanzia pale cha zamani kinapoishia.

Zamu ya Usiku: Kwetu huanzia siku ya darasa.

Mshika Rejista: Nitamuuliza anayetoa vyeti. Wawili nimeshawashusha. Wawili wengine naomba wamalizie mzigo wa leo.

Mama Usalama: Usiombe hapa. Leo ndiyo siku uliyogundua, na umeshaiandika.