Natoka 4-4-2 niende 3-5-2 kabla ya marudiano Jumamosi, nisaidieni

Kocha_Mgeni: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha timu ya vijana na siku zote tumecheza 4-4-2. Mechi ya kwanza tulifungwa 3-1. Viungo wangu wawili wa kati walizungukwa na viungo watatu, kila mpira uliodondoka ukawa wa wapinzani. Nikipanga 3-5-2 nami nitakuwa na watatu pale kati. Je, siku nne zinatosha kuwafundisha?

MzeeWaKrosi: Zinatosha kabisa. Chelsea ya Conte ilipigwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, akahamia mabeki watatu, ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo. Kocha mwoga habadiliki.

BekiMstaafu: Mzee, ile ilikuwa 3-4-3. Katikati walibaki wawili, Kanté na Matić, kwa hiyo haijibu shida ya huyu ndugu. Kocha, nikuulize: wapinzani wanashambulia na wangapi mbele, na yale mabao matatu yaliingiaje?

Kocha_Mgeni: Shida yangu ni kiungo, mkuu, siyo mabao.

Mama_Kipa: Mwanangu ni kipa. Timu yao ilipohamia mabeki watatu, mwezi mzima hakuna aliyejua nani anatoka kumfuata winga. Mtoto alikuwa akirudi nyumbani analia. Tafadhali, msiwafanyie watoto majaribio.

BekiMstaafu: Pole sana mama, na hilo ndilo ninaloliulizia. Kocha, mabao?

Kocha_Mgeni: Sawa. Wanacheza 4-3-3, mshambuliaji mmoja na mawinga wawili wanaokaa juu kabisa, karibu na mstari. Mabao mawili yalitokana na krosi za upande wetu wa kulia. Lakini nimeshawatangazia vijana, na jana tumefanya mazoezi ya 3-5-2. Nikirudi nyuma nitaonekana sina msimamo.

BekiMstaafu: Hilo ungelisema mwanzo. Argentina ilichukua Kombe la Dunia 1986 kwa 3-5-2, enzi ambazo timu nyingi ziliweka washambuliaji wawili: mabeki wawili wanakaba, wa tatu anabaki huru kufagia. Kwa mshambuliaji mmoja, mabeki wako wawili watakuwa hawana mtu. Mawinga wao wakibaki juu, wingbeki wako watarudi kuwakaba na utajikuta na mabeki watano. Hapo beki wao wa pembeni anapanda na mpira bila kusumbuliwa. Nani atamfuata? Kiungo wako mmoja. Akishatoka, katikati umebaki na wawili dhidi ya watatu, palepale ulipokuwa na 4-4-2.

MzeeWaKrosi: Si beki mmoja wa kati apande kwenye kiungo?

BekiMstaafu: Hapo uko sahihi, ndiyo dawa yake, au beki huyo atoke kwa winga ili wingbeki abaki juu. Ila lazima ajue saa ya kutoka, na wenzake wasogee kuziba nyuma yake. Siku nne ni chache kwa hilo.

Jicho_Kali: Samahani, mimi nahisi hii stori ni ya kutunga, au ni gemu ya kompyuta. Mabao matatu, mawili ya krosi. La tatu liko wapi? Na timu yenye mshambuliaji mmoja imewezaje kumalizia krosi zote hizo?

Kocha_Mgeni: Siyo gemu, kaka, ni vijana wangu na nawapenda. Kipindi cha pili waliingiza mshambuliaji wa pili wakatoa kiungo. Krosi zote mbili zilikuja baada ya hapo. La kwanza lilikuwa shuti la kiungo wao, hakuna aliyemfikia.

Jicho_Kali: Basi nimekuelewa. Yaani umekutana na timu mbili katika mechi moja.

BekiMstaafu: Kweli, na hii inabadilisha maneno yangu. Kipindi cha kwanza ulizidiwa kati, cha pili ulizidiwa ndani ya boksi. Mimi ningeanza na 4-4-2, mshambuliaji mmoja ashuke kumkaba namba 6 wao kila mnapopoteza mpira. Hapo kati mnakuwa watatu kwa watatu. Gharama yake ni kwamba mkiunyakua mpira, mbele kuna mtu mmoja tu wa kupokea. Wakiingiza mshambuliaji wa pili, ndipo 3-5-2 yako inapofaa.

Kocha_Mgeni: Washambuliaji wangu hawapendi kukaba. Bado naona nianze na 3-5-2, winga wangu wa kulia awe wingbeki, ana mbio.

Mama_Kipa: Huyo winga anarudi nyuma mpira ukipotea?

Kocha_Mgeni: Akikumbushwa.

BekiMstaafu: Mama kauliza swali la msingi. Kesho mazoezini, kila mnapopoteza mpira piga filimbi, wote wasimame, uone yuko wapi. Krosi zilipita upande wake.