Tupeane uzoefu: umetumiwa picha bila neno hata moja, ulielewa nini?

Mama Pacha: Jamani leo nimekumbuka kitu bado kinaniuma. Dada yangu alinitumia picha ya chupa ya dawa saa nane usiku, picha tupu. Mi nikajua anataka nimnunulie, nikamjibu kesho nitapitia duka la dawa, nikalala zangu. Kumbe alikuwa anauliza kipimo, mtoto ana homa, chupa ya zamani ya parasetamoli ilikuwa miligramu 120 kwa mililita 5, hii mpya ni 250, na kashampa kile kile kiasi alichozoea dada akabaki anatetemeka kwa hofu peke yake mpaka asubuhi. Mtoto alikuwa salama, ila dada alinuna wiki nzima.

Kipepeo: Yamenikuta pia, pole sana.

Mwanakombo: Mi picha zangu hata hazifunguki, zinazunguka tu, nifanyeje?

Kipepeo: Hiyo ni mada nyingine ndugu.

Sadiki: Picha bila maneno ni mtu kabonyeza kimakosa, ndo maana hakuandika. Mi huwa sijibu.

Bi Hesabu: Sadiki hapana, kukosea kupo ila ni kuchache. Mi nilipitia picha 20 za mwisho za kaka yangu, 13 alitaka nimuangalizie kitu, 5 alikuwa ananionyesha tu, 2 kakosea mtu. Kwahiyo ikija mpya, "niangalizie" inaanza mbele hata sijaifungua. Halafu nachukua kila nia najiuliza, angekuwa anataka hiki, angeipiga hivi? Anayetaka kununuliwa anapiga upande wenye jina kubwa, tena mchana. Anayeuliza kipimo anapiga maandishi madogo, hata yakitoka na ukungu. Saa nane usiku nani anaagiza dawa? Hapo kununua kunashuka, kipimo kinapanda.

Sadiki: Kaka yako sio kila mtu. Shemeji yangu 9 kati ya 10 ni makosa.

Bi Hesabu: Basi kwa shemeji yako anza na makosa, ndo maana nasema hesabu ya mtu huyo huyo. Ila ikiwa picha ya dawa usiku, hata kama hatari ina nafasi moja kati ya 10, mi naijibu hiyo kwanza.

Kipepeo: Si umuulize tu anataka nini?

Bi Hesabu: Muulize, lakini "hii nini?" inamrudishia kazi yote. Andika "unauliza kipimo au ninunue?", atajibu kwa neno moja hata akiwa kashika mtoto.

Sadiki: Na kama sio kimojawapo?

Bi Hesabu: Piga simu.

Mama Pacha: Nimerudi kuitafuta ile picha. Kapiga upande wa nyuma kweli, jina la dawa halionekani hata kidogo, na kidole chake kiko kwenye mstari wa kipimo.