Wakuu, shingo na mgongo vinanitesa kwenye kazi ya meno, hii stuli ya tandiko inafaa?

GegoLaJuu: Wakuu habari za jioni. Mimi ni daktari wa meno kwenye kliniki ndogo hapa Morogoro, huu mwaka wa 4. Kwa siku naona wagonjwa 12 mpaka 15. Shingo upande wa kulia na katikati ya mabega panawaka moto, ikifika saa tisa alasiri mtu akiniita nageuka mwili mzima. Nataka kununua stuli ile ya umbo la tandiko la farasi. Waliowahi kuitumia naombeni ushauri.

MamaCherehani: Pole mwanangu. Mimi cherehani miaka 22, naijua hiyo shida. Kaa wima, weka mto kiunoni, basi. Mimi ulinisaidia mto wa sufi, ule wa sponji ulinyong'onyea wiki mbili tu.

NyumaYaKichwa: Mkuu tuache stuli kwanza. Gego la juu kulia unaliziba umekaa wapi, na mgonjwa amelala kiasi gani?

GegoLaJuu: Nakaa pembeni yake kulia. Kiti nakilaza nusu, wengi wanaogopa kulala chali wanasema watapaliwa na maji. Kioo nashikia shavu tu, jino la juu nainama nalichungulia kwa macho. Ila nina mkono mwepesi, nadhani shida ni stuli.

NyumaYaKichwa: Hapo ndipo shingo inapoisha. Anza na wewe: pandisha stuli mpaka mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini na nyayo zikanyage sakafu zote. Halafu ndio umlete mgonjwa kwako, wengi tunafanya kinyume. Kwa meno ya juu laza kiti kabisa, asogee mpaka utosi ufike ukingoni mwa kiegemeo cha kichwa, kidevu juu, wewe uhamie nyuma ya kichwa chake ulitazame jino kwenye kioo. Meno ya chini nyanyua mgongo wa kiti kidogo, kidevu kishuke. Mdomo wake uwe usawa wa kiwiko chako au juu yake kidogo, mabega yakiwa yametulia. Ukiona mabega yanapanda, mgonjwa yuko juu mno, ukiona unamfuata kwa kuinama, yuko chini. Na kichwa ageuze yeye. Maji ni kazi ya msaidizi na mashine ya kufyonza.

NusuMkate: Mbona mimi naona tangazo hapa? Daktari wa meno gani hajui kutumia kioo? Kesho utasikia "nicheki inbox, stuli zipo". Hizi hadithi tumezizoea.

MamaCherehani: Hata mimi nimeanza kushangaa, kwenye mto wangu hajajibu.

GegoLaJuu: Siuzi chochote jamani. Chuoni tulifundishwa kioo, nilipoanza kazi foleni ndefu nikakiacha kwa kuwahi. Na niseme ukweli, stuli nimeshalipia advansi laki 3, ndiyo maana naulizia hiyo tu.

NyumaYaKichwa: Vidole vina ganzi?

GegoLaJuu: Kidole gumba na cha shahada, wiki ya tatu sasa. Juzi koleo liliniponyoka. Sikutaka kusema, bosi akisikia atatafuta mtu mwingine. Nikipata stuli nadhani itaondoka.

NyumaYaKichwa: Hapana ndugu yangu. Ganzi ya vidole hivyo inaweza kutoka kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni au ikawa kiganja, sisi humu hatuwezi kutofautisha. Nenda upimwe wiki hii, kuponyokwa na kifaa ni dalili ya nguvu kupungua. Kunyoosha shingo kwa nguvu acha mpaka upimwe. Cha kufanya sasa ni hiki: ukishachoma sindano ya ganzi zile dakika unazosubiri usiandike faili, simama, mikono kiunoni, rudisha kifua nyuma taratibu, kisha jigeuze upande usiouzoea. Ni sekunde 30 tu. Kikianza kuuma au ganzi kuzidi, acha.

Stuli ya tandiko inakukalisha juu kuliko ya kawaida. Kiti cha mgonjwa kisipopanda vya kutosha utainama kuliko sasa. Kabla hujamalizia pesa kaa kwa kimo cha stuli hiyo, upime mdomo wa mgonjwa unafika wapi.

NusuMkate: Basi samahani dokta, hilo la koleo mtu hatungi. Nenda hospitali.

GegoLaJuu: Mrejesho. Leo gego moja la juu nimelizibia nyuma ya kichwa, limenichukua dakika 50 badala ya 30, mkono unakwenda kinyume kwenye kioo, lakini saa tisa imefika shingo inageuka. Ganzi iko palepale, miadi ni Alhamisi. Nimepima pia kwa kimo cha stuli ile: pampu ya kiti cha mgonjwa ikifika mwisho mdomo wa mgonjwa unabaki sentimita 9 chini ya kiwiko changu. Muuzaji nimempigia, anasema advansi hairudi. Kuna anayejua fundi wa pampu za viti hivi Morogoro?