Tupeane uzoefu: ulishawahi kutoa chai ili faili lako litembee? Ulilazimika kweli?

Mjukuu wa Kilosa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Siulizi habari za vigogo, wala za kununua usichostahili. Naulizia ile ya kupata haki yako mwenyewe: fomu umejaza, ada umelipa kwa kontroli namba, risiti unayo, halafu jambo limelala. Kila ukienda unaambiwa mhusika katoka. Ukipenyeza kitu kidogo, mhusika anaonekana. Kama ulishatoa, tuambie ilikuwaje, na kama ukitazama nyuma unaona hukuwa na njia nyingine.

Kontena Futi 20
Mimi ni wakala wa forodha, Dar. Nitaeleza moja.

Mteja wangu ana duka la vipuri Mbeya. Kontena lake likaangukia kwenye kundi la kukaguliwa kwa macho, maana yake lazima lifunguliwe bandari kavu afisa akiwepo. Kodi ilishalipwa. Ijumaa mchana siku za bure za kuhifadhi zinaisha, afisa hatokei. Kijana mmoja akaja kunong'ona kwamba "gari halina mafuta", laki na nusu inatosha.

Hesabu ikawa hivi. Tozo ya kuhifadhi, ukijumlisha na ya kukaa na kontena la wenye meli, ilikaribia dola 80 kwa siku. Tukikosa ukaguzi ile Ijumaa, tunategemea Jumanne. Siku nne ni dola 320, kwa wakati ule kama laki nane. Mteja akasema toa. Nikatoa, saa kumi jioni kontena likafunguliwa.

Sasa kitu ambacho watu hawakioni: ile laki na nusu haikutoka hewani. Tarehe ya siku za bure kuisha ipo kwenye makaratasi, anayekuomba anaijua kama unavyoijua wewe. Jumatatu hakuna anayekuomba hela ya mafuta. Na mawakala wote tulipozoea kutoa, foleni ikabaki ileile, ila bei ikapanda. Tulikuwa tunanunua nafasi ya mbele kutoka kwa mwenzetu, kesho naye anainunua kutoka kwetu.

Mama Wawili Tandika
Mimi nilijifungua salama, kesho yake nikampelekea nesi kitenge na soda kreti moja. Hiyo nayo ni rushwa? Maana hakuniomba.

Mjukuu wa Kilosa
Dada hongera, lakini hiyo ni shukrani baada ya kazi, mada ni ya kutoa ili kazi ifanyike. Ingawa hapo nawe umenipa la kufikiria, maana mgonjwa wa kitanda cha pili naye aliliona kreti.

Wakili wa Kijiweni
Mnajitisha bure. Ukitoa kwa shida, sheria inamkamata mpokeaji peke yake. Tena vihela vya soda haviitwi rushwa, mpaka kiwe kiasi kikubwa.

Kaunta ya Nyuma
Mkuu, umepatia nusu: anayeomba ana kosa hata kabla hujampa. Lakini kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamtaja anayetoa sawasawa na anayepokea. Adhabu ni faini ya laki tano hadi milioni moja, au jela miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Kiwango cha chini cha hela hakuna.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ndani kwenye tawi la kampuni ya nje, na kote huko mkanganyiko ni huuhuu. Wamarekani katika sheria yao ya 1977 waliacha upenyo: hela ndogo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya afisa wa nchi nyingine, sheria yao haiigusi. Meneja wetu alikuja na imani hiyo, akasahau kwamba yuko Tanzania. Waingereza kwenye sheria yao ya 2010 hawakuacha upenyo huo. Mwongozo wao unakubali jambo moja tu, kwamba mtu akitoa kwa kuwa uhai, mwili au uhuru wake uko hatarini papo hapo, anaweza kujitetea kwamba alilazimishwa. Hasara ya biashara haimo. Kwa kipimo hicho, kontena la vipuri halikuwa dharura, samahani.

Kuna kutofautisha pia na malipo halali ya haraka. Ukiomba viza ya Uingereza unaweza kulipia huduma ya kasi, bei imetangazwa, risiti unapewa. Ukiambiwa "weka kwenye namba hii ya simu", hiyo si huduma.

Kontena Futi 20
Sikatai. Ila siku ile ungekaa kwenye kiti changu, mteja anapiga simu kila nusu saa...

Mswahili wa Likoni
Sisi huku Mombasa mambo ni yayo kwa yayo. Langu ni hili: nilimpa dalali mlangoni, akala, faili halikusonga hata chembe. Nikaja kujua hakuwa na mtu yeyote ndani, alikuwa akibahatisha. Wale waliotangulia kupata, yeye akajidai ndiye aliyesukuma. Na huwezi kwenda kushtaki, utasema nini?

Masijala Mstaafu
Niliketi masijala ya halmashauri mpaka nikastaafu, niwaambie faili "linavyopotea". Kwa kawaida halipotei. Kila barua ikiingia inapigwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio ndani ya faili, na faili likitoka linaandikwa kwenye daftari limeenda meza ya nani. Likikwama, limekwama kwenye meza yenye jina. Mwananchi asiyejua haya anaulizia "mambo yangu yamefikia wapi", anajibiwa chochote. Anayejua anakuja na nakala yenye muhuri, anataja kumbukumbu namba, anauliza faili liko meza ya nani tangu lini. Huyo hatukuwa tunamzungusha, kwa sababu swali la pili angelipeleka kwa mkurugenzi.

Na mishahara isisahaulike. Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996 ilishasema kuna wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi na kuna wanaopokea kwa tamaa. Nimewaona wa aina zote mbili. Tatizo ni kwamba wa kwanza akizoea, huwezi tena kumtofautisha na wa pili.

Mama Wawili Tandika
Baba, hayo ya kumbukumbu namba ni ya mwenye wiki mbili za kusubiri. Mdogo wangu alikuwa anatoka damu usiku, mtu akasema damu ipo lakini "mje na elfu hamsini". Damu haiuzwi, tunajua wote. Ningemwuliza folio?

Kaunta ya Nyuma
Dada hapo sina la kukufundisha. Ningetoa. Kesho yake ningepiga 113 ya TAKUKURU, nikataja saa, wodi na namba iliyopokea hela. Kama kungekuwa na muda wa kupiga kabla ya kutoa, wanaweza kupanga mtego, lakini kwa anayetoka damu huo muda ndio haupo.

Wakili wa Kijiweni
Ukipiga si unajitaja kwamba nawe ulitoa?

Masijala Mstaafu
Ndiyo maana wengi hawapigi, kijana.

Kontena Futi 20
Kwa wanaoagiza mizigo: siku hizi sipokei kazi kama nyaraka hazijanifikia kabla meli haijatia nanga. Nikiwahi kuingiza tamko na kodi ikalipwa mapema, mzigo ukishuka kinabaki ukaguzi tu, na siku za bure bado zipo. Ombi la ukaguzi natuma kwa barua pepe kwa mkuu wa kituo, lenye namba ya tamko na tarehe. Hela ya mafuta imepungua kuombwa, haijaisha. Mteja akichelewesha ankara au hati ya mzigo, tunarudi kulekule Ijumaa saa tisa, na hapo namwambia aamue mwenyewe na alipe tozo.

Mjukuu wa Kilosa
Na wangapi wanaamua kulipa tozo?

Kontena Futi 20
Wachache. Wengine wamehamia kwa wakala mwingine.