Tupeane uzoefu: dipoziti ya nyumba Nairobi, ulikatwa nini na ulionyeshwa hesabu gani?

MpangajiDonholm
Wadau nimehama juzi, kodi ilikuwa 22,000, dipoziti 22,000 na ya maji 2,000, jumla 24,000. Ejenti akanitumia 3,500 na meseji ya mstari mmoja: "painti na ripea 20,500." Basi. Nikamwambia sikubali jumla, niandikie kitu kimoja kimoja, kilikuwaje nikiingia, kikoje sasa, na risiti iko wapi. Alinizungusha weh, lakini mwishowe akaleta: painti nyumba nzima 14,000, mfereji wa sinki 1,500, kitasa 2,500, bili ya maji 2,500.

Sasa ikiwa imeandikwa hivyo ndio unaweza kuongea. Mfereji ulikuwa unavuja tangu siku ya kwanza, nilikuwa na picha nimemtumia keateka kwa WhatsApp wiki niliyoingia, ukatolewa kwenye hesabu. Kitasa kiliharibika mikononi mwetu, hicho nakubali, lakini risiti ya fundi ilikuwa 1,200 si 2,500. Maji sawa, nilikuwa sijalipa. Painti ndio ilitukosanisha, nimekaa miaka mitatu na ukuta ulikuwa umepauka tu kawaida, isipokuwa ule wa sebuleni tulitoboa tukaweka rafu ya TV. Tukakubaliana huo ukuta peke yake, 3,000. Kwa hivyo makato halali yakawa 6,700, nikaongezwa 13,800. Na nyinyi je?

BabaZawadi_Dar
Huku kwetu tunalipa kodi ya miezi sita mbele, mwenye nyumba wangu akakataa kurudisha miezi miwili nilipohama mapema. Nadai vipi?

Kamau_wa_Roysambu
Mimi sijisumbui, mwezi wa mwisho silipi, namwambia akate kwa dipoziti. Hiyo pesa ni yangu ata sheria inajua.

DadaKisheria
Kamau, pesa ni yako kweli, lakini hapo umepatia nusu. Dipoziti inashikwa kwa ajili ya uharibifu na bili zilizobaki, kodi ya mwezi wa mwisho ni deni lingine mpaka landlodi akubali kwa maandishi muitumie hivyo. Asipokubali wewe ndio mwenye deni, na anaweza kuleta dalali akamate vitu vyako. Omba mapema, kwenye notisi yenyewe.

Baba Zawadi, yako si dipoziti, ni kodi uliyotanguliza, na uko chini ya sheria za Tanzania. Angalia mkataba unasema nini ukitoka kabla ya muda.

Pipeline254
Mimi shida yangu ni ejenti alibadilishwa katikati. Mpya anasema hakukabidhiwa dipoziti yoyote, wa zamani hashiki simu, landlodi anasema nimuulize ejenti. Nitoe wapi pesa?

DadaKisheria
Kwa landlodi. Ejenti alipokea kwa niaba yake, na wakihitilafiana wao kwa wao hayo ni yao. Huku Kenya nyumba za kawaida hazina mfuko wa kutunzia dipoziti, pesa inakaa kwa akaunti ya landlodi au ya ejenti, mara nyingi imechanganyika na kodi, ndio maana siku ya kuhama inakuwa "subiri mwingine aingie." Kwa hivyo ushahidi wako ni ile meseji ya M-Pesa na risiti iliyoandikwa DIPOZITI, si "malipo" tu. Unazo?

Pipeline254
Meseji iko. Risiti imeandikwa "rent" pekee 😩

DadaKisheria
Linganisha tarehe na kiasi na mkataba, kama kodi ni 9,000 na siku hiyo ulilipa 18,000 inajieleza. Mwandikie barua ya kudai, mpe tarehe ya mwisho. Akinyamaza nenda Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Shangazi_Leeds
Huku Uingereza landlodi lazima aiandikishe kwa moja ya mifuko iliyoidhinishwa ndani ya siku 30, la sivyo korti inaweza kumlipisha hadi mara tatu. Mkibishana makato, mfuko una msuluhishi na yeye anataka picha za kuingia na za kutoka. Landlodi asipokuwa nazo mara nyingi anashindwa.

Mwenye_Ploti
Sikizeni upande wetu pia. Agrimenti yangu inasema mpangaji akitoka apake rangi, amesoma, akasaini. Kwa nini nisikate?

MpangajiDonholm
Hata kama painti ilikuwa ya miaka sita kabla sijaingia?

Mwenye_Ploti
Ulisaini.

DadaKisheria
Hiki kipengele ndicho kigumu. Akisaini ana kazi kubwa ya kukipinga, siwezi kumdanganya mtu. Lakini hata wewe kata gharama halisi: vyumba vingapi, lita ngapi za rangi, fundi kalipwa ngapi, na uonyeshe kweli ulipaka. Nimeona nyumba imekatwa painti na mpangaji mpya akaingia kwa ukuta uleule.

Mwenye_Ploti
Risiti nitaleta. Kipengele sitoi.

Kamau_wa_Roysambu
Sasa mtu akienda kusaini leo, anaweza kukifuta hicho kipengele kwa peni mbele ya ejenti? Kuna aliyejaribu?