Prizimu ya 45°, mtoto kapewa sifuri, nisaidieni mbele ya kesho asubuhi

Repetita_Ndosho
Bandugu wa Goma na kwingine, usingizi umekataa. Niko nafundisha mtoto wa jirani fizike jioni. Interogasio ilileta prizimu ya kioo, indisi 1,5, pembe 90°, 45° na 45°, mwali wa mwanga unaingia wima kwenye upande mfupi, wakauliza utatokea wapi. Tulijibu unageuka 90° na kutokea kwenye upande mfupi wa pili. Profu kamupa sifuri! Baba yake anasema nimemupoteza mtoto, na pesa ya mwezi hajanipa. Barua ya prefe nimeshaiandika, kesho naipeleka. Niongeze nini ndani?

Yaya Riziki
Mdogo wangu, acha hiyo barua. Bwana yangu ni profu, najua vile inauma mtu akikuruka na kwenda kwa mkubwa wako. Muendee mwenyewe, umusalimie, umuulize.

Mwana_Kadutu
Jibu lenu ni sawa kabisa. 1 gawanya kwa 1,5 ni 0,667, bonyeza sin⁻¹ unapata 41,8°. Mwali umeingia wima kwa hiyo haukupinda, unapiga upande mrefu kwa 45°. 45 inapita 41,8, basi hauna pa kutokea, unarudi wote ndani. Prizimu ya 45 inageuza mwanga siku zote. Peleka barua!

Fundi_Moto_Birere
Mimi fizike niliachia njiani lakini niko na swali la prizimu pia. Kile kioo chekundu cha nyuma ya moto, ndani kina vijipembe vidogo vidogo, taa ya gari ikikipiga kinawaka. Cha moto ya mteja kilipasuka pembeni, mvua ikaingia, sasa usiku kimekuwa giza kabisa na hakuna kijipembe kimevunjika. Ni nini?

Mzee_wa_Labo
Fundi, ushike hapo hapo, swali lako ni dawa ya huyu ndugu. Mwana_Kadutu, hiyo "siku zote" ndiyo naikataa, 41,8° ni ya kioo kilichozungukwa na hewa. Repetita, weka enonse yote, neno kwa neno.

Repetita_Ndosho
Enonse ni hiyo tu mzee.

Mzee_wa_Labo
Profu hatoi sifuri kwa jibu la hewani. Yote, tafadhali.

Repetita_Ndosho
Haya. Mwisho imeandikwa "prizimu imezamishwa yote ndani ya maji, indisi 1,33". Lakini mzee, kioo ni kile kile na 45° ni ile ile! Maji yanabadilisha nini ndani ya kioo? Na barua imeshaandikwa.

Mzee_wa_Labo
Ndani ya kioo hayabadilishi kitu, yanabadilisha mlango wa kutokea. Pembe ya limiti inatoka kwa indisi zote mbili:

sin c = n₂ / n₁ = 1,33 / 1,5 = 0,887

c ni 62,5° hivi. Mwali wenu unapiga kwa 45°, haufiki, basi unatoka. Kwa pembe gani? 1,5 × sin 45° ni 1,061, gawanya kwa 1,33 unapata 0,798, ni karibu 53°. Kwa hiyo unatokea majini kupitia upande mrefu, umepinda kidogo tu. Kama mtoto akigeuza mgawanyo, 1,5 juu ya 1,33, mashini itakataa sin⁻¹ kwa sababu namba imepita 1, hapo ajue amekosea.

Fundi, ni hiyo hiyo. Vijipembe vyako vinahitaji hewa nyuma. Maji yakishika mgongo wao mwanga unapita badala ya kurudi. Kausha vizuri, ziba ufa.

Kaka_Katuba
Mimi naona hii stori imetungwa. Barua, prefe, baba hajalipa, halafu maji yanajitokeza mwisho? Wewe ni mwanafunzi, unatafuta majibu ya devuari.

Repetita_Ndosho
Niko na miaka 34 na watoto wawili, ndugu! Maji niliona kama mapambo ya swali. Na mzee, tuliweka prizimu kwenye beseni tukapiga tochi, mwanga kidogo ulirudi, niliona na macho.

Mwana_Kadutu
Si niliwaambia, unarudi!

Mzee_wa_Labo
Unarudi, asilimia 1 hivi. Kioo kinarudisha kidogo hata pasipo limiti. Swali ni kama unarudi wote, na kwa 45° majini ungehitaji kioo cha indisi zaidi ya 1,33 × √2, ni 1,88. Chenu ni 1,5.

Yaya Riziki
Na baba atalipa?

Repetita_Ndosho
Yaya, hilo bado. Barua naibadilisha: mtoto alionyesha vizuri kwamba mwali unafika upande mrefu kwa 45°, hiyo peke yake haikustahili hata pointi moja? Mzee, wewe ungempa ngapi kwa 10?

Mzee_wa_Labo
Tatu. Lakini mimi si profu wake.